Somo: Tangazo la kumaliza msimu bila duka kuonekana limekwama

Mteja akisoma "KILA KITU LAZIMA KIONDOKE!!!" haoni punguzo. Anaona duka lenye shida, na anaanza kujiuliza nguo hizo zina kasoro gani hata zimekosa wanunuzi. Tuchukue aina moja tu ya nguo, sweta za sufu za shingo ndefu mwishoni mwa msimu wa baridi, tuliandike tangazo lake hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Hesabu kwanza, kalamu baadaye. Ingia stoo, pitia na zilizotundikwa dukani, kisha andika idadi kwa saizi. Tuseme zimebaki 46: ndogo 3, za kati 5, kubwa 21, kubwa zaidi 17. Tayari unajua unaongea na nani. Ukitangaza "sweta zote" kwa watu wote, anayevaa saizi ndogo atafunga safari, akute zimeisha, na tangazo lako lijalo hatalifungua. Hapa ndipo maduka mengi yanapoharibu, kwa sababu tangazo linaandikwa na mtu ambaye hajagusa mzigo.

Hatua ya 2: Toa sababu, kwa sentensi moja. Sababu ya kweli ni nafasi: mzigo mpya unakuja na rafu ni zilezile. Iseme hivyo, usiongeze maelezo. Wala usiombe, maneno kama "tusaidieni kumaliza" yanamgeuza mnunuzi kuwa mfadhili. Linganisha:

*Punguzo kubwa ambalo halijawahi kutokea! Wahi sasa kabla hujachelewa!*

*Mashati ya kitani yanaingia tarehe 1, na kwenye rafu ya sweta ndipo yatakapokaa. Sweta za sufu za shingo ndefu zimebaki 46, nyingi ni saizi kubwa na kubwa zaidi, rangi ya kijivu na kahawia. Hadi tarehe 28 zimepunguzwa asilimia 30. Zitakazobaki tunazihifadhi.*

La pili halina hata alama moja ya mshangao, lakini linaharakisha zaidi, kwa kuwa idadi na tarehe vinajisemea. Ile sentensi ya mwisho usiidharau: inaonyesha duka linaweza kukaa na nguo zake. Iandike tu kama kweli utazihifadhi.

Hatua ya 3: Punguzo moja, hesabu wazi. Bei ya zamani iwe ile uliyouzia kweli msimu huu. Kuipandisha ili uikate ni udanganyifu, na wateja wa kudumu wanakumbuka bei. Ukiongeza punguzo juu ya punguzo, kuwa mwangalifu: asilimia 30, kisha 20 juu ya bei iliyokwisha kupungua, ni 44, si 50. Mteja atafanya hesabu ya 50 kichwani, na ugomvi utatokea kaunta. Andika bei ya mwisho kwenye lebo ya kila sweta.

Hatua ya 4: Waanzie wanaokujua. Siku mbili kabla ya kubandika tangazo dirishani, watumie ujumbe wateja waliowahi kununua saizi hizo. Tangazo hilo lishushwe tarehe 28 usiku, lisionekane asubuhi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, aliyenunua wiki jana kwa bei kamili akirudi analalamika, nimjibu nini?*

Amua kabla ya kutangaza, usiamue akiwa mbele yako. Mimi napendelea kumrudishia tofauti kama salio la dukani, kwa walionunua ndani ya siku 7 na wana risiti. Wafanyakazi wote walijue jibu hilo, wasitofautiane.

*Nikiona tarehe imefika na zimebaki 20, siwezi kuandika "tumeongeza siku kwa maombi ya wateja"?*

Hapana, dada yangu, kama hakuna aliyeomba. Na hata wakiomba, msimu ujao watasubiri siku za nyongeza. Za kijivu za kawaida hifadhi, zitauzika baridi ikirudi. Zenye mtindo unaopita, ziuze baadaye pamoja na suruali kama seti, kwa tangazo jingine kabisa.

*Kuna 4 zenye uzi uliochomoka. Nizichanganye humo humo?*

Zitenge, uandike kasoro yenyewe na mahali ilipo: "uzi umechomoka kwenye mkono wa kushoto". Ukizichanganya, atakayeipata moja ataamini na zile 42 nyingine ni mabaki mabovu. Na kumbuka kubadilisha idadi kwenye tangazo.

*Je, niandike "hazirudishwi"?*

Angalia kwanza sheria ya ulipo, kwa sababu nguo yenye kasoro ambayo mteja hakuambiwa mara nyingi hurudishwa hata kama ilipunguzwa bei. Kama ni saizi tu, andika "unaweza kubadilisha saizi ndani ya siku 7, kama bado ipo". Anayesita kuhusu saizi kubwa zaidi atanunua.