Jinsi ya kumwandikia mwalimu wa chekechea kwamba mtoto ameacha kulala mchana

Nafundisha chekechea hapa Mtwara, huu mwaka wa 11, na noti za wazazi kuhusu usingizi wa mchana nimepokea nyingi sana. Karibu zote zinakuja hivi: "Mwalimu naomba mwanangu asilale mchana." Basi, imeishia hapo. Sasa mimi nina watoto 24 kwenye mikeka, saa 7 mchana, joto la huku mnalijua, pangaboi moja na siku nyingine umeme hakuna, na huyo mmoja macho makavu, nimfanyeje? Nikimtoa nje atacheza juani peke yake hana wa kumwangalia, nikimwacha ndani ataongea ataamsha wenzake, na ile saa ndio mwalimu naye anakula na kuosha vikombe vya uji. Mwishowe mtoto analazwa kwa nguvu na mzazi ananuna. Noti inayosaidia ni ile inayomwambia mwalimu huyu mtoto afanye nini wenzake wakiwa wamelala, kwahiyo tuiandike hiyo.

Hatua ya 1, kabla hujaandika chochote, hakikisha kweli ameacha. Watoto wengi wanaacha kulala mchana kati ya miaka 3 na 5, lakini wengine wanagoma wiki moja tu halafu usingizi unarudi. Chukua daftari, wiki nzima andika vitu vitatu: mchana alilala saa ngapi mpaka saa ngapi (muulize mwalimu), usiku alilala saa ngapi, asubuhi aliamka saa ngapi.

Nawapa mfano wa mama mmoja, mwanae ana miaka 4 na miezi michache. Siku za chekechea mtoto alikuwa analala saa 7:15 mpaka 8:30, akitoka hapo saa 10 madrasa, halafu usiku anahangaika kitandani mpaka saa 4:30, na saa 12 asubuhi anaamshwa analia. Jumla masaa 8 na dakika 45. Jumamosi na Jumapili nyumbani hakulala mchana kabisa, saa 2 usiku alikuwa ameshalala na akaamka mwenyewe saa 12:30, masaa 10 na nusu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2019 wanasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji masaa 10 hadi 13 kwa siku nzima, na usingizi wa mchana unahesabiwa humo humo. Umeona? Ule wa mchana ulikuwa unakula wa usiku. Mtoto anajikusanyia usingizi toka anapoamka, akiupunguza saa 7 mchana basi saa 2 usiku unakuwa haujatosha kumwangusha.

Ila angalia pia saa 11 na saa 12 jioni siku ambayo hakulala. Kama analia kila kitu, anasinzia kwenye bajaji, au anadondoka na tonge mkononi, huyo bado anahitaji kulala, usiandike noti, mwambie mwalimu amuamshe mapema tu. Na kama usiku anakoroma na kuhema kwa mdomo, mpeleke hospitali kwanza, maana hapo tatizo ni lingine.

Hatua ya 2, muulize mwalimu pale getini muda wa mapumziko unaendaje: wanalala wapi, dakika ngapi, nani anawaangalia. Usiombe kitu ambacho darasa halina. Ukimwandikia "akae chumba kingine" na chumba ni kimoja, noti inaishia kwenye droo.

Hatua ya 3 sasa, noti yenyewe. Andika kwenye daftari la mawasiliano au karatasi, usitume voisi ndefu wasap, mana mwalimu wa zamu akibadilika yule mwingine haijui. Yule mama aliandika hivi na mimi niliipokea vizuri:

"Shikamoo mwalimu, pole na kazi. Mwanangu ameacha kulala mchana. Nimeandika wiki nzima, siku akilala shule usiku halali mpaka saa 4 na nusu, siku asipolala analala saa 2 na jioni yuko sawa. Naomba asilazimishwe kulala, ila apumzike kimya kama wenzake: alale chali kwenye mkeka wake pembeni karibu na mlango kama dakika 20, halafu apewe mfuko wake wa kitambaa, achezee hapo hapo mkekani bila kuongea mpaka wenzake waamke. Nimeshamwelekeza nyumbani. Akipitiwa na usingizi mwenyewe mwache, ila naomba umuamshe ikifika saa 8. Akilala sana kuliko kawaida au mwili ukiwa wa moto naomba unipigie hapo hapo. Ijumaa ijayo nitapita tuongee anaendeleaje. Asante mwalimu wangu."

Zile dakika 20 za kulala chali msiziondoe jamani. Mtoto hajalala lakini toka saa 1 asubuhi yuko kwenye kelele, mwili na kichwa vinahitaji kutulia, asipotulia jioni mtaiona. Na ile sentensi ya mwili wa moto muhimu mno, huku kwetu malaria ipo, mtoto ambaye halalagi mchana akidondoka ghafla mwalimu asije kusema leo kachoka tu.

Hatua ya 4, mfuko. Kimfuko cha kitambaa chenye vitu viwili au vitatu visivyo na sauti: kitabu cha picha, mdoli wa kitambaa, kipande cha kanga cha kukunja na kukunjua. Simu hapana, na vitu vidogo kama shanga, mbegu, vigamba vya baharini usiweke, mwalimu hawezi kumtazama mdomoni kila dakika. Fanyeni mazoezi nyumbani Jumamosi mbili, mkeka chini, we kaa karibu kimya. Mwambie maneno haya haya, "macho sio lazima yafungwe, mdomo ndio unapumzika." Wa kwangu mwenyewe siku ya kwanza alikaa dakika 6 tu, tukaongeza kidogo kidogo.

Hatua ya 5, rudi ile Ijumaa kweli. Muulize mwalimu vitu viwili tu, anaamsha wenzake? na saa 9 anakuwaje? Yule wa mfano wetu, wiki ya kwanza alikuwa analala chali huku anachomoa ukindu wa pembeni ya mkeka, kila siku kidogo, mpaka pembe yote ikafumuka. Nikajua dakika 20 kwake ndefu, tukashusha hadi 10 halafu mfuko, na mkeka ukapona. Siku mbili hivi ndani ya wiki tatu alilala mwenyewe, moja ilikuwa asubuhi yake walitoka Lindi kwa basi la alfajiri, nikamuamsha saa 8 kama mama alivyoandika. Hiyo ni kawaida, kuacha usingizi wa mchana kunaenda kunarudi kwa wiki kadhaa, usiandike noti mpya kila akisinzia.

Daftari la kulala endelea nalo mpaka mwezi uishe, na usiku wa siku ambazo hakulala mchana mlaze mapema, saa 1 na nusu au saa 2, hata kama wakubwa ndio kwanza wanapakua.