SOMO: Vipele vya ndevu kwa sisi wenye nywele za kipilipili, na namna ya kuvimaliza

Nanyoa watu hapa Majengo, Moshi, na kila wiki naulizwa jambo hilihili. Leo naliandika lote, mwenye swali asome kwanza.

Ndevu zetu hupinda tangu ndani ya ngozi. Ukizikata chini kabisa, ncha inabaki kali, na udevu ukianza kuota unajikunja na kuchoma ngozi pembeni ya pale ulipotokea. Wakati mwingine hautoki kabisa: ukivuta ngozi huku unanyoa, udevu uliokatwa unarudi chini ya ngozi na kutoboa ukuta wa kitundu chake humohumo. Mwili unaupokea kama mwiba, ndiyo maana panavimba na kutunga usaha.

1. Acha kunyoa wiki nne, ikiwa vipele ni vingi zidisha. Siku za mwanzo hali inaweza kuonekana mbaya zaidi, usikate tamaa ukarudi kwenye wembe. Udevu ukikaribia sentimita moja huchomoka wenyewe. Kama unakera, punguza kwa mkasi.

2. Asubuhi na jioni weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika tano hadi kumi, kisha sugua taratibu kwa mduara.

3. Kuinua udevu uliojizika. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Nunua sindano mpya ya sirinji duka la dawa, safisha ngozi kwa spiriti, tafuta kitanzi cheusi kinachoonekana juu ya ngozi. Pitisha ncha chini ya kitanzi, inua mpaka ncha ya udevu itoke, basi, uache hapo. USIUNG'OE. Ukiung'oa, unaofuata unaota kutoka chini na unaweza kutoboa ukuta ukiwa ndani. Usichimbe udevu usiouona. Usikamue kipele, maana makovu ya kuvimba yanayokua kuliko kidonda chenyewe hayaondoki kirahisi, na ngozi yetu inayapata sana.

4. Ukirudi kunyoa, tumia mashine, siyo wembe. Acha ndevu zibaki kama milimita moja. Usivute ngozi, fuata zinakolala, pita mara moja.

MASWALI

Mdau wa Njiro: Mkuu, nitajie krimu ya kupaka tu, hayo mengine marefu.

Jibu: Krimu haiwezi kuchomoa udevu. Anza na namba 1.

Mdau wa Njiro: Mbona nimepaka ya duka la dawa vipele vikakauka siku tatu?

Jibu: Soma boksi. Ikiwa na betamethasoni au klobetasoli, uvimbe unashuka lakini udevu uko palepale. Ukiipaka usoni muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba na vipele vinarudi. Acha.

Mlinzi, Sakina: Shikamoo kaka. Mimi kazini lazima ninyoe kila siku. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nina mteja mlinzi kama wewe, shingo yote ilikuwa vipele na kola ya sare ikivikwaruza. Alikwenda kwa daktari wa ngozi akapewa barua, mwajiri akamruhusu kuacha wembe. Wiki ya pili alitaka kukata tamaa, ya nne vitanzi vingi vikawa vimefunguka. Sasa ananyoa kwa mashine bila kichana, ukipapasa unasikia ukwaru kidogo, kwa mbali anaonekana amenyoa safi. Omba barua hiyo. Kwa aliye huku Moshi, KCMC kuna kituo cha magonjwa ya ngozi.

Mdau wa Kiboriloni: Kwa nini kwangu ni shingoni tu, mashavuni hakuna?

Jibu: Swali zuri sana. Shingoni ndevu hazilali upande mmoja. Chini ya taya zinaweza kushuka, pembeni ya koo zikalala kwa mshazari au hata kupanda. Ukinyoa kwa mwelekeo mmoja, kuna mahali utakuwa unakwenda kinyume. Tena ngozi ya hapo ni legevu, kila mtu anaivuta. Acha ndevu ziote siku tatu, pitisha kidole pande zote: kunakoteleza ndiko zinakolala. Chora kwenye karatasi umpe kinyozi wako.

Mdau wa Kiboriloni: Asante sana. Na nitajuaje kama ni fangasi?

Jibu: Angalia kama pana duara lenye magamba, panawasha, na ndevu zinang'oka bila maumivu. Vipele vya kunyoa vinakaa pale unaponyoa tu. Ukiona usaha unaenea, au homa, nenda hospitali.

Mdau wa Pasua: Poda ya kunyolea je? Nasikia haiachi ncha kali.

Jibu: Kweli, inayeyusha udevu na ncha inabaki butu. Lakini inaunguza. Jaribu kwanza sehemu ndogo, usizidishe dakika zilizoandikwa, na usipake penye kidonda.

Mdau wa Pasua: Na mashine za saluni?

Jibu: Nunua meno yako mwenyewe ya mashine, uyabebe. Kama huna, hakikisha kinyozi anayasugua kwa brashi kutoa nywele kwanza, ndipo apake spiriti na kuiacha ikauke. Spiriti iliyopakwa juu ya uchafu haifiki kwenye chuma.