Somo: Ujumbe wa kumuaga mwenzako anayestaafu, usiosomeka kama tanzia

Chukua kadi yoyote ya kumuaga mstaafu uisome kwa sauti. Mara nyingi utakutana na maneno haya: "Ulikuwa mtu mwema na mchapakazi. Umetuacha na pengo lisilozibika. Tutakukumbuka daima. Pumzika kwa amani." Aliyeandika alikuwa na mapenzi ya kweli, lakini mstaafu mwenyewe yupo hai, amekaa mbele yenu akikata keki! Somo hili ni la kuepuka hilo, na kupata ujumbe mfupi unaochekesha na kugusa moyo.

Hatua ya 1: Tafuta kitu kimoja. Sifa kama "mchapakazi" na "mcheshi" ziache, kwa sababu wenzako kumi watakuwa wameshaziandika. Tafuta kitu kinachoonekana kwa macho: kikombe chake, msemo wake, namna anavyopokea simu. Nichukue mfano wa mhasibu aliyefunga stepla yake kwa kamba kwenye mguu wa meza ili isipotee. Ofisi nzima inaijua stepla hiyo, kwa hiyo ukiitaja tu watu wanaanza kutabasamu.

Hatua ya 2: Uliza kitu hicho kilikupa nini. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaandika mzaha, halafu wanabandika shukrani isiyohusiana nao. Shukrani itoke ndani ya mzaha wenyewe. Stepla ilikuwa na kamba, kwa hiyo kila aliyeihitaji alilazimika kusimama pale mezani. Na aliyesimama pale alisahihishwa hesabu zake. Basi kumbe ile kamba ndiyo iliyokufundisha kazi! Ukishaona hivyo, ujumbe umekaribia kujiandika.

Hatua ya 3: Andika, kisha punguza. Katika kadi ya pamoja nafasi yako ni kama kiganja cha mkono. Maneno kama 40 yanatosha. Andika kwanza kwenye simu au karatasi ya pembeni:

> Kaka, miaka 27 umeifunga stepla yako kwa kamba kama mbuzi wa maziwa, na kila aliyeiazima ilimbidi asimame hapohapo mezani pako. Hapo ndipo nilipojifunza kazi, nikibana karatasi huku ukinisahihisha hesabu. Asante sana. Stepla inabaki na kamba yake, wewe tumekufungulia. Kila la heri!

Neno "kamba" limeanza kama mzaha na limerudi mwishoni kama baraka. Hakuna aliyeambiwa "mcheshi", lakini mcheshi anaonekana.

Hatua ya 4: Kagua vitenzi. "Ulikuwa mwalimu wangu" kunamfungia mtu katika wakati uliopita. "Umekuwa mwalimu wangu" kunamwacha hai na kunaendelea. Silabi moja tu inabadilisha msiba kuwa sherehe. Kiambishi -li- kitumie kwa tukio, si kwa mtu: "ulinisahihisha" ni sawa, "ulikuwa mwema" hapana. Pia futa "umetuacha", "pengo" na "pumzika kwa amani". Hata "safari njema" nisingeiandika, labda kama kweli anasafiri.

Mwisho, kumbuka kadi inakwenda nyumbani. Itasomwa na mwenzi wake na watoto wake. Mzaha unaohitaji maelezo marefu mbele yao, au unaogusa umri, mwili, afya na pesa zake, haufai.

Maswali ya wanachama

*Mimi nina miezi minne tu kazini. Sina hadithi yoyote naye. Niandike nini?*

Una hadithi ya siku ya kwanza. Nani alikuonyesha pa kukaa? Kama ni yeye, umeshapata: "Siku yangu ya kwanza ulinionyesha kiti kisichoyumba. Miezi minne baadaye bado sijaanguka. Asante, mama." Usijifanye mlijuana miaka mingi, maana watajua.

*Anayestaafu ni bosi, na ni mkali. Naweza kumtania?*

Taniana naye kwa yale anayoyatania mwenyewe. Kama huwa anacheka kuhusu vikao vyake virefu, mwandikie kwamba hiki cha kumuaga ndicho kikao pekee tulichotaka kirefuke. Kama hajawahi kuvicheka, mshukuru kwa jambo moja alilokufundisha, na hapo uishie.

*Mwenzetu anastaafu mapema kwa sababu ya ugonjwa. Mzaha bado unafaa?*

Unafaa, ndugu yangu, na huenda yeye ndiye anayeuhitaji zaidi, kwa sababu kila mtu sasa anamwandikia kwa huzuni. Tania kazi na vitu vya kazini, usiuguse mwili wake wala "kupumzika". Badala ya "upone haraka", ambayo huenda haiwezekani, andika jambo mnaloweza kulitimiza: "Jumamosi ninakuja na karata. Bado unanidai mchezo mmoja." Kisha nenda kweli.