Kupima ujazo wa bwawa lenye kingo za mteremko na kina kisicho sawa

Wafugaji wengi wa samaki hupata ujazo wa bwawa kwa kuzidisha urefu, upana na kina. Hesabu hiyo inafaa kwa tangi la zege lenye kuta zilizosimama wima. Bwawa la kuchimbwa ardhini ni kitu kingine: kingo zake zinalala, sakafu ni ndogo kuliko uso wa maji, na sakafu yenyewe huinamia upande wa bomba la kutolea maji ili bwawa likauke vizuri wakati wa kuvua. Ukilipima kama tangi utapata maji mengi kuliko yaliyomo, na dawa utakayoweka kwa hesabu hiyo itazidi.

Tuchukue bwawa moja tulifuate hadi mwisho. Uso wa maji una urefu wa mita 30 na upana wa mita 20. Kingo zote nne zina mteremko wa 2 kwa 1, maana yake kila ukienda mita 2 kuelekea katikati, kina kinaongezeka mita 1. Upande wa kuingilia maji sakafu ina kina cha mita 0.8, na upande wa bomba la kutolea maji ina mita 1.4. Anayezidisha moja kwa moja huchukua wastani wa vina hivyo viwili, mita 1.1, akapata 30 × 20 × 1.1 = mita za ujazo 660. Maji yaliyomo kweli hayafiki 550.

Kosa huanza kabla hata ya hesabu, kwenye mahali tepu inapowekwa. Watu hupima juu ya tuta kwa sababu ndipo penye kukanyagika. Lakini tuta huachwa juu ya maji kidogo ili bwawa lisifurike, na mteremko unaendelea hadi huko juu. Kama tuta limeachwa nusu mita juu ya maji, kwa mteremko wa 2 kwa 1 kila upande unaongeza mita 1, kwa hiyo tepu itasoma 32 kwa 22 badala ya 30 kwa 20. Ukizidisha kwa 1.1 unapata zaidi ya mita za ujazo 774. Shusha tepu hadi maji yanapogusa ukingo. Panda kigingi kwenye kila kona ya maji, kisha pima kati ya vigingi. Kama pande zinazotazamana hazilingani, chukua wastani wake.

Kipimo cha pili ni sakafu, na hapo ndipo panapohitaji uvumilivu. Bwawa likiwa kavu kazi ni nyepesi, kwa sababu unaona mahali mteremko unapokoma na sakafu inapoanza. Hapo tupaite mguu wa ukingo. Likiwa na maji utautafuta kwa fito. Chukua fito iliyonyooka, uitie alama kila sentimita 5, na chini yake pigilia kipande cha ubao cha kiasi cha kiganja. Bila ubao huo fito huzama kwenye matope laini, ukahesabu matope kuwa maji. Sentimita 10 za matope kwenye sakafu ya bwawa hili ni karibu mita 40 za ujazo, kwa hiyo si jambo dogo.

Vuta kamba kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kisha ingia majini polepole ukishusha fito wima kila baada ya nusu mita. Upande wa kina kifupi utasoma sentimita 25, kisha 50, kisha 75. Hatua inayofuata ungetarajia 100, lakini fito inasoma 80 au 81. Mteremko umekoma katikati ya hatua hizo mbili. Rudi nyuma kidogo kidogo uguse mahali kina kinapoacha kuongezeka haraka: ni mita 1.6 kutoka ukingoni. Upande wa bomba utaukuta mguu kwenye mita 2.8. Usichukue mteremko wa kwenye mchoro wa mchimbaji na kuutumia bila kuukagua. Mawimbi na kambale wanaochimba hula ukingo, udongo hujilundika chini, na bwawa la miaka michache huwa na mteremko mkali juu na uliolala chini. Ukipima mguu wenyewe kila upande, mabadiliko hayo hayakusumbui sana.

Sasa hesabu ya sakafu. Urefu wake ni 30 kutoa 1.6 kutoa 2.8, yaani mita 25.6. Upana haulingani, kwa sababu kingo za pembeni zinashuka zaidi kunapokuwa na kina zaidi. Upande wa kina kifupi kila ukingo unakula mita 1.6, unabaki upana wa mita 16.8. Upande wa bomba kila ukingo unakula mita 2.8, unabaki mita 14.4. Sakafu hiyo yenyewe ni trapeza ukiitazama kutoka juu. Upana wa wastani ni mita 15.6, na eneo ni 25.6 × 15.6, karibu mita za mraba 399. Uso wa maji una mita za mraba 600. Kwa hiyo:

Ujazo = (eneo la uso wa maji + eneo la sakafu) ÷ 2 × kina cha wastani cha sakafu

(600 + 399) ÷ 2 × 1.1 = karibu mita za ujazo 550

Hesabu ndefu ya kipande kwa kipande kwa bwawa hilihili hutoa karibu 547. Tofauti ya mita 3 haina athari yoyote bwawani, na mimi naona njia hii fupi inamtosha mfugaji yeyote mwenye bwawa la mstatili lililochimbwa vizuri.

Kuna mahali pamoja inapoharibika, na huharibika hata mikononi mwa watu makini. Eneo na kina lazima viendane. Ukitumia kina cha sakafu peke yake, eneo liwe la wastani kati ya juu na chini, kama tulivyofanya. Ukitumia eneo lote la uso wa maji, basi kina nacho kiwe cha wastani wa bwawa zima, pamoja na pale kingoni ambapo maji ni ya kufika kifundo cha mguu. Kwa bwawa letu wastani huo ni karibu mita 0.91, na 600 × 0.91 inakurudisha kwenye 546. Anayechukua uso wote wa maji akauzidisha kwa kina cha sakafu ndiye anayefika 660. Anayechukua wastani wa bwawa zima pamoja na kingo, kisha akatumia eneo la wastani, anapunguza mteremko mara mbili na kupata karibu 455. Nambari zote mbili zinaonekana za maana kwenye karatasi, ndiyo maana ni vigumu kuzishtukia.

Bwawa ambalo sakafu yake haiinami kwa mstari mmoja, lenye shimo katikati au lundo la udongo lililoachwa, linahitaji kupimwa kwa mistari. Gawa bwawa kwa kamba zinazolikata kwa upana. Kamba ya kwanza na ya mwisho ziwekwe juu ya miguu ya kingo za mwisho, si popote tu. Nimesisitiza hili kwa sababu anayegawa urefu wote wa mita 30 katika vipande sawa vya mita 5 anapoteza maji yaliyo karibu na kingo za mwisho, na kwa bwawa hili ataishia na takriban 494. Kwetu mistari inakaa mita 1.6 kutoka ukingo mmoja, mita 2.8 kutoka ukingo wa pili, na mitatu zaidi katikati, kila mmoja mita 6.4 kutoka kwa mwenzake.

Kwenye kila mstari shusha fito kila baada ya mita 2. Tuseme mstari wa katikati umepita kwenye shimo na fito imesoma 0, 1.0, 1.1, 1.1, 1.3, 1.4, 1.2, 1.1, 1.1, 1.0, 0. Jumlisha vyote upate 10.3, kisha zidisha kwa nafasi ya mita 2. Eneo la maji kwenye mstari huo ni mita za mraba 20.6. Ukifanya hivyo kwa mistari yote mitano, chukua wastani wa kila mistari miwili inayopakana, uzidishe kwa mita 6.4 zilizo kati yake, na ujumlishe. Vipande viwili vya mwisho, kati ya mstari na ukingo, hesabu nusu ya eneo la mstari mara umbali hadi ukingoni. Mistari mingine minne ikisoma kama sakafu iliyonyooka, bwawa hili lenye shimo linatoa karibu mita 545, na bila shimo njia hiyohiyo ingetoa karibu 537, chini kidogo ya 547 kwa sababu fito ya kila mita 2 inaruka mguu wa ukingo. Shimo lenyewe limeongeza kama mita 8 tu. Shimo moja halibadilishi mengi. Matope yaliyotandaa sakafu nzima ndiyo yanayobadilisha.

Nambari hii huonekana faida yake siku ya dawa. Gramu 1 kwa mita ya ujazo ni sawa na miligramu 1 kwa lita. Mtaalamu wa afya ya samaki akikuagiza gramu 2 za potasiamu pamanganeti kwa kila mita ya ujazo, bwawa letu linahitaji kilo 1.1. Aliyepima juu ya tuta akazidisha kama tangi atamwaga karibu kilo 1.55, na samaki watapata gramu 2.8 badala ya 2. Kwa dawa ambayo nafasi kati ya kutibu na kudhuru ni nyembamba, hilo linatosha kuleta vifo.

Tena ujazo huo ni wa siku ile maji yalipofika kwenye vigingi. Simika fito yenye alama karibu na bomba la kutolea maji, na weka alama ya juu kabisa pale maji yalipokuwa siku ya kupima. Maji yakishuka sentimita 10, bwawa letu linapoteza mita za ujazo 59. Sentimita 10 zinazofuata ni 57, na nyingine 10 ni 55, kwa sababu uso unazidi kuwa mdogo kadiri kingo zinavyokaribiana. Yakiwa chini kwa sentimita 30 unabaki na karibu mita 379, na dawa ile ya gramu 2 inashuka hadi gramu 760. Andika nambari hizi kwenye kibao kando ya fito, usome kabla ya kupima dawa. Kila unapokausha bwawa, pima unene wa matope sehemu kadhaa za sakafu. Ukiwa unazidi kiganja na huwezi kuyaondoa, rudia vina vya sakafu na urekebishe kibao.