Kabla ya kutangaza zawadi kwa atakayeleta mfanyakazi

Kabla hujatangaza chochote, chukua karatasi uandike majina ya wafanyakazi wote, na mbele ya kila jina uandike aliingiaje. Tuseme mko 12. Wanne walikuja kwa tangazo, wawili ni watu wako mwenyewe, na sita waliobaki ni msimamizi wa ghala na ukoo wake wa kikazi: alileta wawili, nao wakaleta watatu. Mpango wa mapendekezo, yaani wafanyakazi kuleta wenzao, tayari unao, ila hauna kanuni.

Kwenye kampuni kubwa, watu sita hawaonekani. Hapa ni nusu ya kampuni. Msimamizi akikasirika na kuondoka, huenda ukabaki na ghala tupu. Kabla ya hapo dalili huwa ndogo ndogo: mzigo unapungua na hakuna aliyeona, mtu anachelewa na mwenzake anamsainia. Kwa hiyo andika mapema kwamba anayependekeza hakai kwenye usaili, hapangi mshahara, wala hawi bosi wa moja kwa moja wa aliyemleta. Nafasi itangazwe nje hata kama jina limeshaletwa, na wote wafanye jaribio lile lile la kazi. Mimi ningeongeza kwamba kikosi kimoja kikishafikisha nusu ya watu waliotoka kwa mtu mmoja, nafasi inayofuata hapo ijazwe kwa tangazo.

Kuhusu zawadi, hofia kubwa kuliko ndogo. Ukitoa mshahara wa mwezi mzima, utaletewa kila binamu asiye na kazi. Robo ya mshahara wa nafasi inayojazwa inatosha: theluthi yake ilipwe mgeni akimaliza mwezi wa kwanza, na iliyobaki akithibitishwa baada ya muda wa majaribio. Aliyempendekeza asishiriki kwenye uamuzi wa kumthibitisha, maana sasa ana pesa ndani yake. Meneja anayeajiri na anayeshughulikia ajira wasipokee kabisa. Eleza pia nani anahesabika wawili wakileta jina moja (aliyeliwasilisha kwanza kwa maandishi), na mhasibu aiingize zawadi kwenye hesabu ya mishahara, kwani kwa kawaida inakatwa kodi.

Halafu kuna swali lenyewe utakalowauliza wafanyakazi. Ukiuliza “Nani anatafuta kazi?” utapata marafiki. Uliza “Ni nani uliwahi kufanya naye kazi, ukaiona kazi yake kwa macho yako?” Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba waliopata kazi kupitia mtu, wengi walisaidiwa na waliyekuwa wakionana naye mara moja moja tu. Rafiki wa karibu anajua watu wale wale mnaowajua. Kwenye fomu ya mapendekezo weka mstari mmoja: “Unamfahamuje, na umemwona akifanya nini?” Anayejibu “ni mtu mzuri sana” bado hajakuambia kitu. Mrudishie fomu.