Kustaafu kwa Maradhi: Namna ya Kuandaa Faili Lako Kabla ya Kwenda Bodi ya Madaktari

Tumchukue dereva wa lori wa Wete, miaka 47, mwanachama wa ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Kisukari kimemharibu macho, na umri wa kustaafu wa miaka 60 bado uko mbali.

Hatua ya kwanza: usiandike barua ya kuacha kazi. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, maana mwajiri huwaambia "andika tu barua, tutakusaidia". Ukishajiuzulu, umeondoka kwa hiari yako, na kusema kwamba ni maradhi yaliyokutoa kunakuwa kugumu. Andika barua ya kuomba upimwe kiafya, ueleze kazi imekushinda, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Hatua ya pili ni ripoti ya daktari bingwa, na hii ndiyo inayobeba faili zima. Ripoti inayosema "ana kisukari" haimsaidii dereva wetu, kwa sababu wenye kisukari wengi wanaendesha magari. Ripoti inayosaidia inasema hivi: jicho lake zuri linaona 6/60 hata kwa miwani, yaani akiwa mita 6 anaona kile ambacho mwenye macho mazima anakiona mita 60, pazia la nyuma ya jicho limeharibika, ametibiwa kwa muda fulani na hakuna matarajio ya kurudi. Kwa ufupi: ameshindwa nini, ametibiwaje, na je, ni ya kudumu? Likikosekana hilo la mwisho, tegemea kuambiwa urudi baada ya matibabu.

Hatua ya tatu, mwombe mwajiri aandike kazi zako halisi. "Dereva" peke yake haitoshi. Aandike kwamba unaendesha usiku, unapakia mizigo, unakagua tairi. Bodi hulinganisha karatasi hii na ile ya daktari. Jitayarishe pia kwa swali la kazi mbadala: ikiwa dereva wetu anaweza kukaa stoo akapokea mizigo, mwajiri anaweza kumhamisha badala ya kumstaafisha. Kwa macho ya 6/60, kusoma hati za mizigo nako ni shida, basi daktari aliandike na hilo.

Wakati unasubiri, chukua taarifa ya michango yako ZSSF uilinganishe na slipu za mshahara, mwezi kwa mwezi. Mwezi uliokatwa kwenye slipu lakini haumo kwenye taarifa ni wa kumdai mwajiri sasa, ungali kazini. Angalia na jina: Zan ID ikisema "Khamis" na mfuko ukasema "Hamisi", malipo yatakwama hapo.

Kama maradhi au jeraha limetokana na kazi yenyewe, fungua pia dai la fidia kwa mwajiri. Hilo ni dai jingine, lina karatasi zake, na haliingii ndani ya faili hili.