Low Latency Mode na Shader Cache Size: lini uguse ipi kwenye paneli ya NVIDIA

Mipangilio hii miwili hutajwa pamoja kila mtu anapolalamika kwamba gemu lake ni zito, lakini inatibu magonjwa mawili tofauti. Low Latency Mode inahusu kuchelewa: umebonyeza kipanya, risasi inatoka baadaye kidogo. Shader Cache Size inahusu kukwama: picha inateleza vizuri, kisha inaganda ghafla kwa sehemu ya sekunde. Jua kwanza kinachokusumbua ni kipi.

1. Fungua paneli. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye desktopu, chagua NVIDIA Control Panel (Windows 11 inaificha ndani ya Show more options), kisha Manage 3D settings.

2. Low Latency Mode. Ingia Program Settings, chagua gemu lako. Kama halipo, bonyeza Add. Usiibadilishe kwenye Global Settings, kwa sababu gemu linalofaidika ni moja na lingine litaharibika.

Prosesa huandaa fremu na kuzipanga foleni zikisubiri kadi ya michoro izichore. Tuseme gemu la DirectX 11 linakwenda fremu 60 kwa sekunde, kadi ikiwa imelemewa. Kila fremu inachukua kama milisekunde 17. Zikiwa 3 kwenye foleni, kitendo chako kinasubiri takribani milisekunde 50 kabla hakijaanza hata kuchorwa. On inabakiza fremu 1 kwenye foleni. Ultra inajaribu kuifuta kabisa, fremu inaandaliwa pale tu kadi inapokuwa tayari kuipokea.

Foleni hiyo ipo tu kadi inapokuwa ndiyo inayochelewesha kazi. Fungua Task Manager ukiwa unacheza: GPU ikisoma 95% na zaidi, weka On. Ikisoma 60% huku hujawekea gemu kikomo cha fremu, kwa kawaida prosesa ndiyo inayochelewa, na hapo Ultra huleta mtikisiko kwa sababu umeondoa fremu za akiba zilizokuwa zikifunika kuyumba kwa prosesa. Kwa kompyuta nyingi za kawaida mimi napendekeza On, si Ultra.

Kwenye magemu ya DirectX 12 na Vulkan usijisumbue: gemu lenyewe ndilo linalopanga foleni, swichi hii haina kazi. Kama menyu ya gemu ina NVIDIA Reflex, iwashe hiyo. Ni bora kuliko On na Ultra.

3. Shader Cache Size. Sheda ni programu ndogo zinazoieleza kadi namna ya kuchora mwanga, maji, moshi. Kabla ya kutumika, draiva huzitafsiri kwa lugha ya kadi yako, na tafsiri hiyo ikifanyika katikati ya mchezo ndipo picha inapoganda. Matokeo huhifadhiwa kwenye diski ili kazi isirudiwe. Nafasi ikiwa ndogo, za zamani hufutwa na gemu linakwama upya mahali ulipokwisha kupita. Weka 10 GB kwenye Global Settings, bonyeza Apply. Disabled isiwe chaguo la kudumu hata kama diski imejaa. Afadhali ufute gemu usilolicheza.

Kusafisha hifadhi hii ndiko kunakowapotezea watu muda. Safisha tu ukiona rangi za ajabu, au gemu linaanguka wakati wa kupakia. Ukisafisha kila wiki unajiletea mkwamo uleule unaoukimbia. Utaratibu wake:

Weka Shader Cache Size kuwa Disabled, Apply, kisha uwashe upya kompyuta. Usiruke hatua hii: faili zikiwa zinatumika, Windows itakataa kuzifuta na utabaki na hifadhi nusu nusu. Halafu bonyeza Win+R, fungua folda hizi moja baada ya nyingine na ufute vilivyomo:

```
%LOCALAPPDATA%\NVIDIA\DXCache
%LOCALAPPDATA%\NVIDIA\GLCache
%USERPROFILE%\AppData\LocalLow\NVIDIA\PerDriverVersion\DXCache
```

Moja ikiwa haipo, endelea. Mahali pa kuhifadhi hutegemea toleo la draiva. Faili moja mbili zikigoma kufutika, bonyeza Skip. Mwisho rudisha 10 GB na ubonyeze Apply, maana wengi husahau hapa na kuacha Disabled, kisha wanashangaa gemu limekuwa baya kuliko mwanzo.

4. Pima. Baada ya kusafisha, au baada ya kuweka draiva mpya, tegemea mikwamo mara ya kwanza. Cheza ramani moja, toka, irudie ileile. Mikwamo ikipungua sana mara ya pili, hifadhi inafanya kazi. Ikibaki palepale na kwa kiwango kilekile, tatizo si sheda: angalia kama RAM imejaa na kama kadi inapata joto kupita kiasi.